Pikoboli ya wawili kwa wawili: nani aanzishe, asimame wapi, na namba ya tatu ni ya nini

"Mwalimu, shikamoo. Tuko Kigoma, Mwanga. Jioni tunacheza pikoboli wawili kwa wawili kwenye uwanja wa netiboli wa sementi, na kila tukicheza tunagombana. Juzi tulikuwa na nne kwa tatu, tukashindwa kukubaliana nani aanzishe na asimame kulia au kushoto. Halafu tulipoanzisha, mwenzangu aliupiga mpira hewani wale walipourudisha, wakasema ni kosa, ilhali alikuwa mbali na lile eneo la mbele ya wavu. Na hii namba ya tatu tunayotakiwa kuitaja, mbona mchezo unaanza na mbili? Naomba utueleze taratibu."

Marahaba. Ubishi wa namna hiyo nauona hata hapa Tabora ninapofundisha, na karibu kila mara chanzo chake ni kimoja: wachezaji wanahesabu pointi bila kufuatilia nani amesimama wapi. Katika pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira kwa vibao juu ya wavu, mambo hayo mawili hayatengani. Pointi za timu ndizo zinazowapanga wachezaji wake uwanjani, kwa hiyo mkijua pointi, na mkikumbuka jambo moja la mwanzo wa mchezo, swali la nani asimame wapi linajijibu.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, kila timu ina mtu mmoja aliye kwenye boksi la kulia, yaani nusu ya kulia ya upande wao, nyuma ya lile eneo la mbele ya wavu; kulia kwa maana ya mtu anayetazama wavu. Mkumbukeni huyo hadi mchezo uishe. Timu yake ikiwa na pointi shufwa, yaani sifuri, mbili, nne, sita na kuendelea, mahali pake ni kulia. Ikiwa na pointi witiri, yaani moja, tatu, tano na kuendelea, mahali pake ni kushoto. Mwenzake anachukua upande uliobaki. Kwenye mashindano yenye refa mtu huyu huvaa alama inayoonekana. Nyinyi mfungeni kipande cha kitenge mkononi, mmoja kila timu, na nusu ya ugomvi wenu itaisha siku hiyohiyo.

Kwa nini hesabu hii inakubali siku zote? Kwa sababu wachezaji hubadilishana upande katika hali moja tu: timu yao ndiyo inayoanzisha, na imeshinda mpira, yaani wapinzani ndio waliokosea. Hapo wanapata pointi moja, na palepale wanapishana: aliye kulia anakwenda kushoto, wa kushoto anakuja kulia. Aliyeanzisha anaendelea kuanzisha, sasa kutoka upande wake mpya. Timu inayopokea haipati pointi hata ikishinda mpira, kwa hiyo haisogei. Kila pointi ni kupishana kumoja, na kila kupishana ni pointi moja. Ndiyo maana shufwa na witiri hazidanganyi.

Hapa ndipo watu waliotoka kwenye michezo mingine wanapoteleza. Aliyezoea voliboli, timu yake ikipokonya uanzishaji, anazunguka nafasi moja bila hata kufikiri, maana ndivyo alivyofundishwa shuleni. Katika pikoboli uanzishaji ukihamia kwenu hakuna kuzunguka, kila mtu anabaki pale alipokuwa. Aliyezoea netiboli naye anategemea kwamba baada ya pointi zamu iende kwa wengine, kama pasi ya senta inavyopokezanwa, kumbe hapa mshindi wa pointi anaendelea na mpira. Na kosa ninaloliona kuliko yote ni la wapokeaji kupishana wakati wenzao wa upande wa pili wanapopishana. Wapokeaji watulie. Mpira wa kwanza ukija kwa mmoja, wa pili utakwenda kwa mwenzake, kwa sababu mwanzishaji amehama upande, siyo wao.

Sasa tuucheze mchezo wenyewe tangu sifuri hadi nne kwa tatu. Timu moja tuiite ya Asha na Baraka, nyingine ya Chausiku na Daudi. Wakati wa kuanza, Asha yuko kulia upande wake na Chausiku yuko kulia upande wake, kwa hiyo hao wawili ndio wenye vitenge mkononi. Timu ya Asha inaanzisha. Katika kutaja, namba ya kwanza ni pointi za timu inayoanzisha, ya pili ni pointi za wapokeaji, na ya tatu inasema anayeanzisha ni wa kwanza au wa pili katika zamu hiyo ya timu yake.

Asha anataja "sifuri, sifuri, mbili" na kuanzisha kutoka kulia. Mpira unakatiza uwanja kwa mshazari na kwenda boksi la kulia la wapinzani, kwa Chausiku. Timu ya Asha inashinda mpira, wanapishana, Asha yuko kushoto. Anataja "moja, sifuri, mbili" na kumwanzishia Daudi, ambaye yuko kushoto upande wa pili. Safari hii Asha anapiga wavu. Kwa kuwa alikuwa namba mbili, timu yake haina mwanzishaji mwingine aliyebaki, na mpira unahamia ng'ambo.

Timu ya Chausiku ina sifuri, shufwa, kwa hiyo Chausiku yuko kulia, na zamu ya timu huanza daima na aliye kulia wakati huo. Anataja "sifuri, moja, moja": sisi sifuri, nyinyi moja, mimi ni wa kwanza. Angalieni kwamba pointi zimegeuka nafasi, kwa sababu timu inayoanzisha hutaja zake kwanza. Mpira unakwenda kwa Baraka, aliye kulia tangu walipopishana na Asha. Chausiku anashinda, anahamia kushoto, "moja, moja, moja", anamwanzishia Asha. Anashinda tena, anarudi kulia, "mbili, moja, moja", kwa Baraka. Huo wanaupoteza.

Chausiku alikuwa wa kwanza, kwa hiyo mpira hauvuki wavu. Unakwenda kwa Daudi, na Daudi anaanzisha palepale aliposimama, kushoto. Hakuna aliyepata pointi, basi hakuna wa kupishana. "Mbili, moja, mbili", kwa Asha. Wanashinda na kupishana, Daudi yuko kulia, "tatu, moja, mbili", kwa Baraka. Wanapoteza. Daudi alikuwa wa pili, zamu inahama.

Sasa timu ya Asha ina moja, witiri. Asha mwenye kitenge yuko kushoto na Baraka yuko kulia. Nani anaanzisha? Baraka, kwa sababu ndiye aliye kulia. Anataja "moja, tatu, moja". Hapa wengi hubisha: "Mbona Baraka ni namba mbili?" Hakuna mtu mwenye namba yake ya kudumu. Namba moja ni yule aliye kulia zamu ya timu inapoingia, na zamu ijayo anaweza kuwa mwingine. Baraka anamwanzishia Daudi na kushinda, anahamia kushoto, "mbili, tatu, moja", kwa Chausiku. Anashinda tena, anarudi kulia, "tatu, tatu, moja", kwa Daudi. Huo wanapoteza. Asha anachukua mpira akiwa kushoto, "tatu, tatu, mbili", kwa Chausiku. Wanashinda, wanapishana, na sasa Asha yuko kulia. "Nne, tatu, mbili."

Tumefika pale mlipokwama. Timu ina nne, shufwa, kwa hiyo mwenye kitenge yuko kulia, na hilo halina mjadala. Lakini swali la nani aanzishe haliwezi kujibiwa na nne na tatu peke yake, na hapo ndipo namba ya tatu inapofanya kazi. Chukulieni kwamba Baraka asingepoteza ule mpira wa tatu kwa tatu. Timu ingefika nne mpira ukiwa bado mikononi mwake, na wito ungekuwa "nne, tatu, moja", Baraka akianzisha kutoka kushoto. Pointi ni zilezile, wachezaji wamesimama palepale, lakini mwanzishaji ni mwingine na upande ni mwingine. Tena akipoteza Baraka, timu bado ina nafasi moja, Asha anapokea mpira. Akipoteza Asha wa "nne, tatu, mbili", mpira unavuka wavu.

Kwa hiyo mbili za kwanza zinawapanga watu wanne uwanjani, na ya tatu inasema timu imebakiwa na nafasi ngapi. Siku nyingine mkikwama, rudisheni kumbukumbu kwa swali hili: zamu hii ya timu ilipoingia, ilikuwa na pointi ngapi? Kama ilikuwa shufwa, mwenye kitenge ndiye alikuwa namba moja. Kama ilikuwa witiri, alikuwa mwenzake. Kisha ulizaneni kama huyo wa kwanza ameshapoteza mpira au bado. Majibu hayo mawili yanatosha kumpata mwanzishaji bila kupigiana kelele. Mkifuata hapo mtaona pia kwamba Asha akipoteza ile "nne, tatu, mbili", wito wa ng'ambo utakuwa "tatu, nne, moja", na mwanzishaji ni Daudi, maana kwa pointi tatu Chausiku yuko kushoto.

Ule mwanzo wa "mbili" sasa unaeleweka. Kwa kawaida kila timu hupata waanzishaji wawili kabla mpira haujahama. Lakini timu inayoanza mchezo ingepata wawili, ingeweza kujilimbikizia pointi kabla wapinzani hawajagusa nafasi hata moja. Ili kupunguza faida hiyo, katika zamu ile ya kwanza kabisa timu hupewa mwanzishaji mmoja tu, na kwa kuwa baada yake hakuna mwingine, anahesabiwa kama wa pili. Ni mara hiyo moja katika mchezo mzima.

Jambo moja kuhusu kusimama, kabla sijaenda kwa mwenzako. Nafasi za kulia na kushoto zinawabana mwanzishaji na mpokeaji. Wenzao wanaweza kusimama popote upande wao wa wavu, hata wote wawili upande mmoja. Lakini anayepokea lazima awe yule ambaye pointi za timu yake zinamweka boksi hilo. Akirudisha mwingine, ni kosa lao na pointi ni ya walioanzisha.

Mwenzako alihukumiwa kwa haki. Alivunja kanuni ya midundo miwili, ambayo haihusiani na lile eneo la mbele ya wavu linaloitwa jiko. Kanuni inasema hivi: mpira wa kuanzisha lazima udunde kwa wapokeaji kabla hawajaupiga, na mpira wanaourudisha lazima udunde kwa walioanzisha kabla nao hawajaupiga. Midundo hiyo miwili ikishapita, kila upande mmoja, mpira uko huru: unaweza kupigwa hewani au baada ya kudunda mara moja, mradi anayeupiga hewani hajagusa jiko wala mstari wake. Isieleweke kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili upande mmoja. Ukidunda mara ya pili upande uleule, umekufa.

Hesabuni mapigo. La kwanza ni la kuanzisha. La pili ni la kurudisha, baada ya mdundo. La tatu ni la timu iliyoanzisha, nalo pia baada ya mdundo. Kuanzia la nne ndipo hewani kunafunguka. Mwenzako alipiga pigo la tatu mpira ukiwa hewani, na hata angekuwa amesimama nyuma kabisa ya uwanja, lingebaki kosa. Kwa kosa hilo wapinzani hawapati pointi, maana hawakuwa wanaanzisha. Nyinyi ndio mnapoteza nafasi ya kuanzisha: kama ulikuwa namba moja mpira unakwenda kwake, kama ulikuwa namba mbili unavuka wavu.

Kosa hili humpata mwenza wa mwanzishaji mara nyingi zaidi kuliko mwanzishaji mwenyewe, na sababu yake inaonekana ukimtazama anaposimama. Anajua kwamba pikoboli hushindiwa mbele, karibu na jiko, kwa hiyo mwenzake anapoanzisha yeye tayari yuko katikati ya uwanja. Mpira ukirudishwa kwa nguvu na kwenda mbali, unamkuta usawa wa kifua. Akiuacha upite, utadundia nyuma yake na atakuwa amechelewa. Mkono unajipigia wenyewe. Hata akijizuia, bado yuko mahali pabaya.

Dawa ni kwamba timu inayoanzisha isimame yote nyuma, hatua moja nje ya mstari wa nyuma, mpaka imeona mpira uliorudishwa unaangukia wapi. Kwenda mbele kuufuata mpira mfupi ni rahisi kuliko kurudi kinyumenyume kuukimbia mrefu, tena kwenye sementi yenye mchanga kurudi kinyumenyume ni kujitafutia kuanguka. Mpira ukishadunda na pigo la tatu likapigwa, hapo ndipo mnasogea mbele pamoja. Wanaojua mchezo mara nyingi hupiga pigo hilo la tatu polepole na kuuinua mpira kidogo uangukie jikoni kwa wapinzani, ili wapinzani walazimike kuupiga kutoka chini na wao wapate muda wa kufika mbele.

Upande wa wapokeaji mpango ni mwingine kabisa. Mpokeaji anasimama nyuma, maana lazima auache mpira udunde, na ukianzishwa mrefu utamfikia miguuni. Mwenzake anasimama mbele, nyuma kidogo tu ya mstari wa jiko, kwa sababu yeye hana mdundo wa kusubiri: mpira wa kwanza atakaoupiga yeye hauwezi kuwa kabla ya pigo la nne, na hapo hewani kumeshafunguka. Mpokeaji akirudisha mpira mrefu, karibu na mstari wa nyuma wa wapinzani, anapata muda wa kukimbia na kuungana na mwenzake. Hivyo wapokeaji wako mbele wote wawili, na walioanzisha bado wako nyuma wakisubiri mdundo wao.

Ukilitazama vizuri, utaona kuanzisha katika pikoboli hakukupi mkono wa juu katika mpira huo. Ni tofauti na tenisi, ambako mtu anaweza kuanzisha kwa nguvu na kukimbilia wavuni kumaliza kazi. Kanuni ya midundo miwili inamzuia mwanzishaji kufanya hivyo. Faida yake ni kwamba yeye peke yake anaweza kupata pointi, na kila timu imepewa waanzishaji wawili kwa sababu kushinda mpira ukiwa unaanzisha ni kazi ngumu. Msishangae basi kuona zamu inahama na kurudi mara kadhaa bila pointi kubadilika. Mchezo unakwenda hadi pointi 11, na mshindi lazima awe mbele kwa mbili. Mkiwa kumi kwa kumi, mnaendelea.

Kuanzisha kwenyewe kuna masharti machache. Mpira unapigwa kutoka chini kwenda juu, chini ya kiuno, na kichwa cha kibao kisiwe juu ya kifundo cha mkono. Kama masharti hayo yanawapa shida, yuko huru mtu kuuachia mpira udondoke na kudunda kwanza, kisha aupige. Akifanya hivyo masharti ya kiuno na kifundo hayamhusu, ila asiurushe juu wala kuusukuma chini, auachie tu. Nawashauri wanaoanza watumie njia hii, maana inaondoa ubishi wa kama kibao kilikuwa juu au chini. Unapougusa mpira, angalau mguu mmoja uwe umekanyaga chini nyuma ya mstari wa nyuma, na usiwe na mguu wowote uliogusa mstari huo au ndani ya uwanja. Una nafasi moja tu, siyo mbili kama tenisi.

Mpira lazima uvuke jiko pamoja na mstari wake. Ukigusa mstari wa jiko, ni kosa. Mistari mingine ya boksi ni mizuri: ukigusa wa pembeni, wa kati au wa nyuma, umeingia. Na ukikwaruza wavu kisha ukaangukia boksi sahihi, mchezo unaendelea. Zamani mpira huo ulirudiwa, lakini kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2021, na bado nawasikia watu wakisema "rudia".

Kwa kuwa mko kwenye uwanja wa netiboli, hakikisheni mmechora mistari yote kwa chaki, hasa wa kati, maana bila huo kulia na kushoto ni maneno matupu. Uwanja wa pikoboli una urefu wa mita 13.41 na upana wa mita 6.10, na jiko ni mita 2.13 kutoka kwenye wavu kila upande. Mstari wa kati unaanzia kwenye jiko kwenda mstari wa nyuma, siyo kwenye wavu.

Limebaki suala la kutaja, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalozuia ugomvi kabla haujazaliwa. Mwanzishaji ataje namba zote tatu kwa sauti inayofika ng'ambo, amalize kutaja, ndipo apige. Asitaje huku mkono tayari unakwenda. Akimaliza ana sekunde 10 za kuanzisha. Jioni upepo wa ziwa ukivuma sauti inapotea, basi ageukie wapokeaji na kutaja tena kama hawakuitikia. Mpokeaji ambaye hajawa tayari anyooshe kibao au mkono juu ya kichwa, au aupe wavu mgongo, na afanye hivyo kabla wito haujaanza. Wito ukishaanza, ishara hiyo haihesabiki, isipokuwa kama kuna kizuizi, mathalani mpira mwingine umeingia uwanjani.

Wito ndio wakati wa kubishana, siyo baadaye. Kabla mpira haujaanzishwa, mtu yeyote uwanjani ana haki ya kuuliza: pointi ngapi, ni zamu ya nani, mimi nasimama wapi? Na wapinzani wanapaswa kumjibu ukweli, hata kama kukaa kimya kungewanufaisha, kwa sababu kuanzisha mtu asiye wa zamu, au kutoka upande usio wake, ni kosa.

Ikiwa mwanzishaji ametaja vibaya na mpira umeshaondoka, mchezaji yeyote anaweza kuusimamisha mchezo, lakini lazima afanye hivyo kabla mpira haujarudishwa. Kama kweli wito ulikuwa na makosa, unasahihishwa na mpira unachezwa upya. Kama wito ulikuwa sahihi, aliyesimamisha amefanya kosa na amepoteza mpira. Na mpira ukisharudishwa, hakuna tena kusimamisha kwa sababu ya wito. Atakayesimamisha amepoteza, hata kama alikuwa na haki kuhusu pointi. Chezeni mpira huo mpaka ufe, kisha sahihisheni pointi kabla ya wito unaofuata.